Duveti ya kwenye picha na duveti ya kwenye mfuko

Shikamoo Shangazi,

Naishi Dodoma. Tarehe 3 mwezi huu niliagiza seti ya duveti kwa muuzaji wa Dar anayeuza Instagram. Pichani duveti imetandikwa kitandani, nene, imeshuka pande zote mpaka imefunika mbao za kitanda, na foronya nne zimepangwa kichwani. Chini kaandika: "Seti ya duveti kwa kitanda cha 6x6, pamba 100%, duveti 1, shuka 1, foronya 4. Tunatuma mikoani." Nilimuuliza WhatsApp, kitanda changu ni sita kwa sita, itatosha? Akajibu, "Inatosha kabisa dada, na inabaki." Nikalipa 95,000 na 8,000 ya basi.

Mzigo ulifika tarehe 6. Duveti ni nyembamba, nimeipima kwa tepu ya fundi cherehani ni sentimita 180 kwa 200, nikiitandika haishuki ubavuni hata kidogo. Foronya ni mbili. Lebo inasema poliesta 100%. Hata bluu yake si ile, imepauka. Nilipompigia akasema picha ni ya mfano tu, na bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nimemtumia ujumbe wa sauti kama tisa hivi, mingine nikiwa na hasira, sasa anaona tu, hajibu. Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi na hicho ndicho chumba chake. Nimwandikie nini mtu huyu anirudishie hela yangu?

Aliyepunjwa, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Sauti ziache leo hii. Najua zinapoza roho, lakini ujumbe wa sauti haukusaidii kitu. Ukitaka kumwonyesha mtu wa tatu, nani atakaa asikilize sauti tisa? Na ile moja uliyomtolea maneno makali ndiyo atakayoitunza yeye, siku akiulizwa aseme "mteja mwenyewe alinitukana". Kuanzia sasa unaandika tu, na unaandika mara moja.

Nikwambie kitu. Kabla sijakaa kwenye safu hii niliuza mashuka na mapazia Kariakoo miaka kumi na moja, kwa hiyo upande wa pili wa kaunta naujua. Picha nyingi hatukuzipiga sisi. Zilikuja kwa simu kutoka kwa msambazaji pamoja na bei ya robota, tukaweka namba yetu juu, tukabandika. Robota likifunguliwa, kilichomo kinafanana na picha kwa maua tu. Mteja akija na "bidhaa yako mbovu", nilikuwa na majibu kumi: wengine wameipenda, simu yako ndiyo inabadilisha rangi, ukiifua itajaa. Siku mama mmoja alipokuja na tepu, na picha yangu mwenyewe kwenye simu yake, na maneno niliyomwandikia kwa mkono wangu, nilifungua droo nikahesabu hela. Hakupaza sauti hata kidogo. Barua yako iwe kama mama yule.

Usiku huu, kabla hujaandika lolote, fungua bandiko lake Instagram. Piga picha ya skrini inayoonyesha kwa pamoja jina la akaunti, picha ya duveti na maelezo yaliyo chini yake. Maelezo yakiwa marefu yanakatwa, kwa hiyo bonyeza yafunguke yote ndipo upige. Shuka mpaka ionekane tarehe ya bandiko, piga tena. Nakili na kiungo chake ukitunze mahali. Kama aliiweka kwenye stori tu, zile hupotea baada ya saa 24, basi tegemea kile alichokutumia WhatsApp. Ukimaliza hapo, nenda kwenye mazungumzo yenu, piga picha ya skrini pale ulipomuuliza na pale alipojibu "inatosha kabisa dada, na inabaki", jina na namba yake vikionekana juu. Mwisho, ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, na risiti ya mzigo kutoka ofisi ya basi. Vyote hivyo jitumie kwenye barua pepe au mpe dada yako atunze kwenye simu yake. Wauzaji wa namna hii, barua ikishafika, jambo la kwanza ni kufuta bandiko au kubadilisha maneno ya chini. Akibadilisha baada ya wewe kuwa na picha, amejimaliza mwenyewe.

Sasa twende chumbani. Hapa ndipo kazi ilipo, na wengi hapa ndipo wanapoiharibu. Mtu anapiga picha ya duveti ikiwa imekunjwa kwenye mfuko, taa ya njano, anaandika "ona sasa". Muuzaji anaona duveti kwenye mfuko, basi. Picha yako inatakiwa irudie picha yake. Tazama kwenye bandiko: amesimama wapi? Mara nyingi ni miguuni mwa kitanda, kwa pembeni kidogo, simu ikiwa usawa wa kifua. Na wewe simama hapo hapo. Tandika duveti kwenye godoro lako la sita kwa sita vile vile alivyotandika yeye, foronya zikiwa kichwani, mbili hizo hizo ulizopewa. Fungua madirisha asubuhi, zima taa, piga. Kisha weka picha mbili pamoja, yake kushoto, yako kulia. Mtu akiziangalia ataona bila kuambiwa: kule kitambaa kimeficha mbao, huku godoro liko wazi ubavuni.

Halafu tepu. Usipige tepu peke yake ikiwa na namba hewani. Nyoosha duveti sakafuni juu ya mkeka safi, weka mwanzo wa tepu kwenye pindo, mwenzako ashike upande wa pili, upige picha tatu kwa kila upande: moja mwanzo wa tepu ukionekana umekaa kwenye pindo, moja ya mbali ionyeshe duveti nzima, na moja ya karibu ionyeshe namba. Fanya hivyo kwa upana, fanya hivyo kwa urefu. Pima na godoro lako pia, upana na kimo.

Kwa nini godoro? Kwa sababu najua atakachojibu, nimeshawahi kujibu hivyo mwenyewe. Atasema "sita kwa sita ni duveti, siyo kitanda". Futi sita ni sentimita 183. Duveti yako ina 180 kwa 200, kwa hiyo akitaka ubishi atasema amekosea sentimita tatu upande mmoja na upande mwingine amekuzidishia. Ukimwandikia tu "duveti si sita kwa sita" umeingia kwenye mtego wake. Hesabu ya kweli ni hii. Godoro lako lina upana wa sentimita 183. Tuseme kimo chake ni inchi 8, yaani sentimita 20. Ili duveti ifunike juu na kushuka mbavu zote mbili, hata kabla haijagusa mbao, inahitaji 183 na 20 na 20, jumla 223. Yako ina 180. Haifiki hata ukingo wa juu. Ile ya pichani imepita godoro ikashuka kwenye mbao, kwa hiyo, kama godoro lile ni kama lako, ilizidi 223. Hapo hamzungumzii tena maana ya "6x6". Mnazungumzia alichoonyesha, na kile alichokujibu ulipomuuliza kwa kitanda chako. "Inabaki" aliiandika yeye. Hilo neno moja lina nguvu kuliko sauti zako zote tisa.

Lebo nayo ipige picha kwa karibu ikiwa bado imeshonewa kwenye duveti, usiikate. Piga moja ya karibu isomeke, na moja ya mbali kidogo ionekane imeshonewa wapi. Kuna jirani atakayekuambia chomoa uzi uuchome: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kipira kigumu. Ni kweli, sokoni tulikuwa tunafanya hivyo. Ila wewe usichome kitu. Una lebo, ambayo ni maneno ya kiwandani, na kitambaa kilichochomolewa uzi kitakuwa kisingizio cha kusema umekiharibu. Vivyo hivyo usiifue, usiitandike kwa kulalia hata usiku mmoja, mfuko wake usiutupe. Ukishamaliza kupiga picha, kunja urudishe ndani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kukagua alicholetewa kabla hajahesabiwa kuwa amekikubali, lakini akianza kukitumia kama chake, au akikaa nacho muda mrefu bila kusema kitu, anahesabiwa amekikubali. Ndiyo maana nakuharakisha.

Kuhusu bluu, mwanangu, iache. Najua inakuuma, pengine ndiyo iliyokufanya uipende. Lakini rangi hubadilika kwa taa, kwa simu iliyopiga na kwa kioo kinachoonyesha, na muuzaji yeyote anajua kusema hivyo. Ukiweka malalamiko manne, atajibu lile dhaifu na kuyaruka matatu. Mpe matatu ambayo hana pa kuyashika: ukubwa, kitambaa, idadi. Hata wembamba usiuweke peke yake, kwa sababu "nyembamba" ni neno la kubishania na huna kipimo chake kwenye bandiko. Uache picha mbili ziuseme zenyewe.

Na ile ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Mteja aliyebadili mawazo, aliyenunua bluu kisha akatamani kijani, huyo inamhusu. Wewe hurudishi ulichonunua. Unakataa ambacho hukununua. Sheria hiyo hiyo ya Sura ya 214 inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti iwe sawa na maelezo yake, na mtu anayenunua kwa simu bila kuigusa bidhaa ananunua kwa maelezo na kwa picha. Hana kingine cha kununulia.

Barua iwe hivi. Itume WhatsApp kama maandishi, picha zikifuata kwa namba ulizozitaja, na nakala nyingine kwenye ujumbe wa Instagram. Picha zitume kama faili, kwa sababu zikitumwa kawaida zinapunguzwa ubora na lebo haitasomeka.

"Habari za leo, ndugu.

Naandika kuhusu seti ya duveti niliyoiagiza kwako tarehe 3 mwezi huu, niliyolipia shilingi 95,000 pamoja na shilingi 8,000 za kusafirisha. Namba ya muamala ni (iandike hapa). Mzigo ulinifikia Dodoma tarehe 6. Nimeukagua na nimeukataa, kwa sababu si bidhaa uliyoitangaza. Nimeambatanisha picha ili tuangalie pamoja.

Picha 1 ni bandiko lako. Picha 2 ni duveti uliyonitumia, imetandikwa kwenye kitanda changu cha sita kwa sita na kupigwa kutoka upande ule ule. Kwenye bandiko duveti inashuka na kufunika mbao za kitanda. Kwenye kitanda changu haifiki kingo za godoro za ubavuni. Picha 3 hadi 8 zinaonyesha vipimo: upana sentimita 180, urefu sentimita 200. Godoro lina upana wa sentimita 183. Kabla ya kulipa nilikuuliza kama itatosha kitanda cha sita kwa sita, ukanijibu 'Inatosha kabisa dada, na inabaki' (picha 9).

Bandiko linasema pamba 100%. Lebo iliyoshonewa kwenye duveti inasema poliesta 100% (picha 10 na 11).

Bandiko linasema foronya 4. Mfukoni kulikuwa na foronya 2 (picha 12).

Uliniambia kwa simu kwamba picha ni ya mfano. Bandiko halisemi hivyo, na maneno yaliyo chini ya picha, yaani kitanda cha 6x6, pamba 100% na foronya 4, si picha. Ni maelezo uliyoyaandika wewe na ndiyo niliyolipia.

Naomba unirudishie shilingi 103,000 kwenye namba niliyolipia, ifikapo tarehe 17 mwezi huu. Seti yote haijafuliwa wala kutumiwa, iko kwenye mfuko wake pamoja na lebo. Niko tayari kuikabidhi ofisi ile ile ya basi siku utakayosema, gharama ya kuirudisha ikiwa juu yako, na nitakutumia risiti ya mzigo.

Kama unayo seti inayolingana na bandiko, nitumie kwanza picha yake halisi, ikiwa na tepu juu yake na lebo ikionekana, tuzungumze kabla ya tarehe hiyo.

Asante."

Umeona haina "tapeli", haina "Mungu anakuona", wala habari za mama mkwe. Sikuviacha kwa upole. Barua hii inaweza kusomwa kesho na mtu asiyekujua, na mtu huyo anatakiwa akutane na vipimo tu. Tarehe 17 nimeiweka nikihesabu kwamba utaituma tarehe 10, yaani siku saba. Ukichelewa, isogeze, lakini tarehe iwepo. "Haraka iwezekanavyo" kwa muuzaji ni mwaka kesho.

Usafiri wa kurudisha ndio utakaoleta mvutano. Kisheria, mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha mwenyewe, inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Yeye ndiye wa kuja kuichukua au kulipia. Hata hivyo mimi ningekuwa tayari kuipeleka ofisi ya basi, kwa sababu muuzaji akiona mzigo wake unarudi anaanza kufikiria atakayemuuzia tena, na hela inatoka kwa urahisi zaidi.

Sasa nani aanze, mzigo au hela? Atakwambia "tuma kwanza nikague". Wewe utaogopa, na ni haki yako. Njia tuliyokuwa tunaitumia sokoni na wateja wa mikoani ni nusu kwa nusu: anarudisha nusu, unakabidhi mzigo ofisi ya basi, unamtumia picha ya risiti, anamalizia mzigo ukifika. Kabla ya kukabidhi, piga video moja isiyokatwa, kuanzia duveti, shuka na foronya mbili zikiwa juu ya meza, mpaka mfuko unafungwa kwa gundi. Nimeona watu wakirudisha vitu vitatu wakaambiwa wamerudisha viwili.

Anaweza kukupa punguzo: "baki nayo, nikurudishie 30,000". Hilo ni lako kuamua. Duveti ya poliesta ya sentimita 180 kwa 200 inafaa kitanda cha nne kwa sita cha watoto, na ina thamani yake. Ila ukikubali, andika kabisa kwamba umekubali kiasi hicho na madai yameisha, na usikubali kabla hela haijaingia.

Akikaa kimya mpaka 17 ipite, mtumie ujumbe mmoja tu: tarehe imepita, unapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Halafu yapeleke kweli. Tume hiyo, wengi wanaijua kama FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji na kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Unaambatanisha barua ile ile na picha zile zile, huandiki upya. Ripoti na akaunti yake Instagram pia, ingawa hapo usitegemee hela, utapata tu akaunti yake kuangaliwa.

Mahakama ya Mwanzo ipo, kesi huendeshwa kwa Kiswahili na madai ya kiasi hiki yanaingia. Picha za skrini nazo hazikataliwi eti kwa sababu zimetoka kwenye simu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imelisema hilo. Lakini nisikudanganye: kumdai mtu wa Dar ukiwa Dodoma, nauli ya safari mbili na malazi vitakula ile 103,000 kabla hujaitwa jina. Ningeenda huko kama ningekuwa na ndugu Dar wa kunifuatilia, au kama tungekuwa wateja kadhaa wa muuzaji huyo huyo. Pitia komenti za bandiko lake taratibu. Mara nyingi kuna wawili watatu wanaouliza "mbona yangu ndogo?"

Mambo mawili utakayoshauriwa na watu, usiyafanye. La kwanza ni kupigia kampuni ya simu useme ulituma hela kwa makosa ili muamala urudishwe. Huduma ile ni ya aliyekosea namba. Wewe hukukosea, ulinunua, na mazungumzo yenu yote yanaonyesha hivyo. Ukisema uongo pale umemkabidhi yeye malalamiko ya kweli dhidi yako. La pili ni kumbandika sura yake mtandaoni na matusi. Kueleza kilichokupata, kwa picha mbili na vipimo, ni sawa. Kumwita majina na kumzulia ni jambo lingine, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo.

Kitu kimoja nimekijua kwa biashara yangu: barua kama hii ikifika, muuzaji anayetaka kuendelea kuuza hujibu ndani ya siku mbili, tena kwa kupiga simu na sauti laini sana. Usimalizane naye kwenye simu. Msikilize, kisha mwambie, "Sawa kaka, niandikie hayo WhatsApp," ukate. Asipoandika, wewe mwandikie: "Kama tulivyozungumza leo, utanirudishia kiasi fulani tarehe fulani." Akinyamaza bila kukanusha, una kitu mkononi.

Ile ya mama mkwe tuimalize hapa hapa. Tandika shuka lako zuri la zamani na blanketi, duveti ibaki kwenye mfuko juu ya kabati. Akiiona akauliza, mwambie ni ya watu. Na ukiagiza nyingine, usiombe "picha zaidi", utaletewa picha zaidi za kiwandani. Mwambie aitandaze sakafuni dukani kwake, aweke tepu juu, na kando yake aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, apige.

Shangazi